Kulinganisha hati tatu kabla ya kulipa: ushauri kwa karani mpya wa malipo Lamu

Karani anayekabidhiwa faili ya malipo kwa mara ya kwanza huelezwa kwamba asilipe ankara yoyote kabla ya kuilinganisha na hati ya agizo na hati ya kupokelea mali. Maelezo hayo ni sahihi, lakini huishia hapo, na karani huanza kutafuta iwapo jumla ya chini katika karatasi hizo inafanana. Kabla ya kutazama jumla, fahamu kila hati inajibu swali gani. Hati ya agizo hueleza tulichokubali kununua, kwa bei gani, na kifikishwe wapi. Hati ya kupokelea mali hueleza kilichoingia stoo kikiwa katika hali inayofaa. Ankara hueleza kile ambacho msambazaji anadai. Kwa hiyo bei huchukuliwa kwenye agizo, idadi huchukuliwa kwenye hati ya kupokelea, na ankara hupimwa kwa hizo mbili.

Katika hizo tatu, iliyo rahisi zaidi kuharibika ni hati ya kupokelea mali, na nitaizungumzia kwa urefu kwa sababu mazingira yetu ya Lamu huifanya iharibike upesi. Mzigo unaotoka Mombasa au Malindi kwa lori hushushwa kwenye gati ya Mokowe upande wa bara, hupakiwa mashuani, huvushwa hadi kisiwani, kisha hubebwa na wachukuzi au punda mpaka mlangoni pa stoo. Maji yakipwa, chombo husubiri, na mzigo hukaa gatini. Mfuko mmoja wa saruji hupita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika, na katika kila kituo unaweza kupungua, kupasuka au kulowa. Hata hivyo, pamoja na mzigo huo husafiri karatasi moja ya msambazaji, yaani hati ya kufikishia mali, ambayo iliandikwa ghalani kwake kabla lori halijaondoka. Karatasi hiyo hailowi wala haipungui. Itaendelea kusema mifuko 200 hata kama iliyofika ni pungufu.

Hapo ndipo kosa huzaliwa. Mtunza stoo akichoka, au jua likiwa limezama, huchukua hati ya msambazaji na kunakili idadi yake katika hati yetu ya kupokelea. Kwa macho ya karani aliye ofisini hati tatu zipo na zote zinalingana, ilhali kwa kweli anasoma maneno ya msambazaji mara mbili. Sahihi iliyowekwa Mokowe ina udhaifu uleule. Mtunza stoo mmoja, mtu mzima anayeheshimika, aliwahi kuniambia, “Bwana, mimi niliutia sahihi mzigo ulipokuwa ukipanda chomboni, uliposhuka sikuwapo.” Jibu lake lilikuwa la kweli, nalo lilionyesha kwamba hati aliyoijaza ilikuwa ya kupakia.

Njia ninayoiamini ni kumpa mtunza stoo nakala ya agizo isiyoonyesha idadi. Ataona jina la bidhaa, uzito wa mfuko, nambari ya agizo na jina la msambazaji, lakini nafasi ya idadi itakuwa tupu, na hataweza kuijaza bila kuhesabu. Ni lazima pia hati ya msambazaji iwekwe kando mpaka hesabu iishe, vinginevyo nakala hiyo haitasaidia kitu. Hati ya kupokelea iwe na nafasi tatu tofauti: iliyofika, iliyokataliwa pamoja na sababu yake, na iliyokubaliwa. Malipo hufuata nafasi hii ya tatu peke yake. Tofauti ikionekana, iandikwe vilevile kwenye nakala ya hati ya msambazaji, na nahodha au mwakilishi wake atie sahihi kabla hajaondoka, kwa maana baada ya siku mbili hakuna atakayekubali kwamba mifuko ililowa njiani.

Jambo jingine la kusoma kwa makini ni mahali pa kufikishia mali palipoandikwa kwenye agizo. Agizo likisema “kufikishwa stoo yetu, Lamu”, hasara ya kati ya Mokowe na kisiwani ni ya msambazaji. Likisema mnunuzi achukue mali Mokowe, basi kilichokubaliwa pale ndicho kinacholipwa, na upungufu wa baharini tutaufuatilia kwa mwenye chombo tuliyemkodi. Katika hali hiyo unahitaji hesabu mbili, ya gatini na ya stoo. Maafisa ununuzi wengi huandika “Lamu” tu. Mokowe nayo imo ndani ya Kaunti ya Lamu, kwa hiyo neno hilo moja huacha mlango wazi kwa mabishano. Ukiliona agizo la namna hiyo kabla mali haijafika, lirudishe lirekebishwe.

Sasa tutazame mfano mmoja kwa ukamilifu, wenye bei nilizozichagua kwa ajili ya hesabu. Agizo linasema mifuko 200 ya saruji, kilo 50 kila mmoja, kwa shilingi 900 kabla ya kodi, kufikishwa stoo kisiwani. Hati ya kupokelea inaonyesha kwamba ilifika mifuko 197, na kati ya hiyo 6 ilikataliwa kwa sababu ilikuwa imeshika maji na kuganda, kwa hiyo iliyokubaliwa ni 191. Ankara inadai mifuko 200 kwa shilingi 930. Jumla yake kabla ya kodi ni 186,000, na ikiongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambayo ni 29,760, dai lote ni shilingi 215,760.

Unachostahili kulipa ni mifuko 191 kwa shilingi 900, yaani 171,900. Kodi yake ni 27,504, na jumla ni 199,404. Tofauti kati ya dai na stahili ni shilingi 16,356. Usiishie kwenye nambari hiyo moja, kwa kuwa ndani yake kuna mambo mawili yanayojibiwa na watu wawili tofauti. Bei imezidi kwa shilingi 30 katika kila mfuko wa ankara, ambayo ni 6,000. Idadi imezidi kwa mifuko 9, ambayo kwa bei ya agizo ni 8,100. Jumla ni 14,100, na kodi yake ni 2,256, nazo zikijumlishwa zinarudi kwenye 16,356 ileile. Suala la bei hupelekwa kwa afisa ununuzi aliyekubaliana na msambazaji. Suala la idadi hupelekwa kwa mtunza stoo, ambaye ataonyesha mifuko iliyoganda na hati yenye sahihi ya nahodha.

Katika hatua hii kuna kishawishi cha kuchukua kalamu, kukata nambari za ankara na kulipa kiasi kilicho sahihi. Usifanye hivyo. Ankara ya kodi hapa Kenya hutolewa kupitia mfumo wa eTIMS wa Mamlaka ya Ushuru, na nambari zilizomo tayari zimeingia kwenye kumbukumbu za mamlaka. Ukilipa 199,404 huku ankara ikisomeka 215,760, vitabu vyako vitabaki na deni la 16,356 ambalo si deni, na kodi unayodai itapishana na ile uliyolipa. Mwombe msambazaji atoe hati ya kupunguza dai katika mfumo huohuo, inayotaja nambari ya ankara ya asili. Ikishafika, ankara na hati hiyo kwa pamoja zitatoa kiasi unachostahili kulipa. Mpaka hapo ankara izuiwe, na msambazaji aelezwe kwa maandishi sababu ya kuizuia, ili asidhani imepotea.

Huenda msambazaji akajibu kwamba saruji ilipanda bei baada ya agizo kutolewa. Inawezekana anasema kweli, lakini karani wa malipo hana mamlaka ya kukubali. Aliyeidhinisha agizo ndiye anayeweza kulirekebisha, na rekebisho hilo liwe na tarehe yake halisi. Agizo likibadilishwa baada ya ankara kufika ili tu nambari zikubaliane, ukaguzi wote unakuwa umegeuzwa, kwa sababu ni ankara iliyoliandika agizo. Tazama mfululizo wa nambari na tarehe: agizo nambari 312 likiwa na tarehe inayotangulia ile ya nambari 305, uliza. Kuhusu tofauti ndogo zinazovumilika, ofisi yako iwe na kiwango kilichoandikwa. Naona ni haki kuvumilia kidogo katika kokoto au mchanga, ambao vipimo vyake hutofautiana, lakini kwa kitu kinachohesabika kama mfuko au bati sioni sababu ya kuvumilia hata kimoja.

Mali inayofika kwa mafungu nayo huhitaji uangalifu, na hili ni la kawaida kwetu kwa kuwa mashua moja huenda isitoshe. Kila fungu liwe na hati yake ya kupokelea, na katika agizo uandike salio linalobaki. Ikiwa mifuko 120 imelipwa, ankara ya pili hulinganishwa na salio la 80, si na 200 za mwanzo. Msambazaji akituma ankara kwa kila fungu kisha mwisho wa mwezi akatuma taarifa ya hesabu, taarifa hiyo haiwi sababu ya kulipa tena. Ankara ya makadirio nayo si ya kulipia. Mfumo wa kompyuta huweza kuona 0457 na 457 kuwa ankara mbili, kwa hiyo tafuta pia kwa kiasi na kwa nambari ya agizo.

Unaweza kutambua kwamba hesabu haifanyiki stoo bila kwenda huko. Chukua hati za kupokelea za miezi michache na uziweke kando ya hati za wasambazaji. Mali inayovuka bahari ikionyesha kila mara idadi ileile iliyotoka ghalani, bila mfuko mmoja kupasuka, hakuna anayehesabu. Dalili nyingine ni jina la bidhaa lililokosewa katika hati ya msambazaji kurudiwa na kosa lilelile katika hati yetu, au hati kuwa na tarehe ya siku ambayo chombo hakikuvuka.

Ukaguzi huu una mipaka yake. Hautakuambia kama shilingi 900 ilikuwa bei nzuri. Hilo liliamuliwa wakati wa kulinganisha bei za wasambazaji. Hautagundua mtunza stoo na nahodha waliokubaliana kuandika 200, na kwa ajili hiyo stoo huhesabiwa ghafla na mtu mwingine. Kazi ya fundi, kama kupaka lipu ukuta au kukarabati mashua, haina mali ya kuhesabu mlangoni, kwa hiyo mahali pa hati ya kupokelea huwekwa hati ya kukamilika kwa kazi, iliyotiwa sahihi na aliyeipima kazi yenyewe, ikitaja mita au sehemu iliyokwisha. Ankara ya fundi isiyo na hati hiyo hukaa katika faili ya zilizozuiwa pamoja na zile za saruji.