Rejista ya matamko ya maslahi

"Fomu za matamko ziko 60 kwenye faili, halmashauri hapa Tanga. Nizifupisheje ili nijue nani kwenye kamati ya tathmini ya zabuni ana maslahi?"

Dada, mstari mmoja uwe wa maslahi, si wa mtumishi. Mwenye hisa dukani na mke mwenye kampuni ya ujenzi apate mistari miwili. Safu: cheki namba, uhusiano, kampuni, TIN, tarehe ya tamko.

Usilinganishe kwa majina. "Pwani Beach Supplies" na "Pwani B. Supplies Ltd" kompyuta haitaona ni moja. Tumia TIN, bila vistari. Karatasi ya Kamati iwe na cheki namba safu A, ya Wazabuni iwe na TIN safu B. Kisha, kwenye F2, ushushe hadi chini:

```
=IF(AND(COUNTIF(Kamati!A:A,A2)>0,COUNTIF(Wazabuni!B:B,D2)>0),"ANGALIA","")
```

Rudia zabuni zikifunguliwa. Kabla ya hapo wazabuni hujawajua. Fomu iliyoandikwa "shemeji ana biashara" tu, bila kampuni, haitanaswa kamwe. Mrudishie mwenyewe aijaze. Kwa wakurugenzi wa kampuni, tazama BRELA.

— Mie Bagamoyo, aliyewekewa alama tunamtoa papo hapo.

— Mzee, alama si hukumu. Mpe mwenyekiti wa kamati asome fomu yenyewe kwanza. Ila hisa za asilimia 1 za kurithi, hapo hata mimi sijui mpaka uko wapi.