Sentimita 6 zilizonihamisha kundi

Mwaka jana nilikwenda kupima afya kwenye kituo kimoja cha jirani. Mizani ilionyesha kilo 72, utepe wa ukutani ukasema sentimita 152, na nesi akaandika BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, kuwa 31.2. Aliniambia nimeingia kwenye kiribatumbo na nishushe uzito hadi kilo 57. Nilirudi nyumbani nimekosa raha, ila ile 152 ilinisumbua kuliko 31.2, kwa sababu tangu nimalize shule najijua nina 158.

Nilichukua futikamba nikajipima upya, nikapata 158. Siku ya pili nilirudi kituoni na futikamba yangu, nikaomba tuipime ile sehemu. Chini ya ukuta kulikuwa na mstari wa vigae, na aliyebandika utepe alianzia juu ya vigae badala ya sakafuni. Sifuri ya utepe ilikuwa sentimita 6 kutoka ardhini, kwa hiyo kila aliyesimama pale aliandikiwa ufupi wa sentimita 6.

Kwa urefu wangu halisi hesabu ni hii:

```
72 / (1.58 × 1.58) = 28.8
72 / (1.52 × 1.52) = 31.2
```

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, uzito uliozidi huanzia 25 na kiribatumbo huanzia 30. Kweli uzito wangu umezidi, hilo silikatai, lakini nilikuwa nimewekwa kundi lisilo langu. Hata lengo nililopewa halikuwa sawa: kwa mtu wa 158, kushuka chini ya 25 kunataka kama kilo 62, wala si 57. Kilo 5 za kujinyima bure si jambo dogo.

Angalia jinsi kosa lilivyokua. Sentimita 6 katika 158 ni karibu asilimia 4, lakini BMI ilipanda asilimia 8. Urefu unaingia kwenye hesabu mara mbili, hivyo kosa lake nalo linaingia mara mbili. Uzito unaingia mara moja tu. Ningepanda mizani na viatu na mkoba wenye kilo 1, BMI ingesogea kwa 0.4 tu. Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu wasiangalie mizani peke yake.

Sasa, kwa nini tuzidishe urefu kwa urefu? Chukua mtu mzima wa sentimita 150 mwenye kilo 54. BMI yake ni 24. Mwenzake mwenye umbo kama lake ana sentimita 180, yaani amemzidi mara 1.2. Tukigawanya kwa urefu mtupu, huyu mrefu angetakiwa awe na kilo 65 ili walingane, na kwa kimo hicho angekuwa mwembamba. Tukigawanya kwa urefu kwa urefu kwa urefu, kama tunavyotafuta ujazo wa sanduku, angetakiwa awe na kilo 93, nazo ni nyingi mno, kwa sababu mtu mrefu hapanuki kila upande kwa kiasi kilekile alichorefuka. Tukigawanya kwa urefu kwa urefu tunapata kilo 78, na huko ndiko watu wazima wengi wanakoelekea.

Aliyeliona hilo ni Adolphe Quetelet, mwanahisabati wa Ubelgiji, katika miaka ya 1830, alipolinganisha vipimo vya watu wa vimo mbalimbali. Yeye alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani, hakuwa akitibu unene. Mwaka 1972 mtafiti Ancel Keys wa Marekani na wenzake waliijaribu kanuni hiyo kwa wanaume wa nchi kadhaa, wakaona haimpendelei mrefu wala mfupi kupita kiasi, wakaipa jina la BMI. Ni makadirio yanayowafaa watu wazima. Watoto wana chati zao za umri.

Ukijipima nyumbani, vua viatu na kilemba. Kama umesuka rasta au mabutu, kipimo kiguse fuvu, nywele zisihesabiwe. Simama visigino vikigusa ukuta, tazama mbele bila kuinua kidevu, na mtu mwingine aweke kitabu kigumu kichwani kikiwa kimelala sawa na kugusa ukuta. Atie alama ya penseli chini ya kitabu, kisha mpime kutoka sakafuni. Rudieni, vipimo viwili vikipishana zaidi ya sentimita 1, pimeni cha tatu. Pima saa zilezile kila mara, maana jioni mtu huwa mfupi kwa kama sentimita 1 kuliko alfajiri.

Kwa wazee, msitegemee BMI bila kufikiri, maana urefu wao hupungua. Mama yangu mgongo umeanza kupinda, na BMI yake ilipanda ilhali uzito haujaongezeka hata kilo. Kwake tunafuatilia kilo zenyewe, mwezi hadi mwezi.

Pale kituoni nesi alibandua utepe siku ileile akaubandika upya kuanzia sakafuni, kisha akaniomba nimsaidie kupiga simu kwa waliopimwa wiki ile.