"Tu me manques" isome kama "pesa zimeniishia"

Swali: "Wakuu, najifunza Kifaransa, mwezi wa nne sasa. Kitabu kinasema tu me manques ni 'nimekumiss'. Mbona tu ni wewe na me ni mimi? Si ingekuwa je te manque? Na kuna vitenzi vingine vya kugeuka hivi?"

Mkuu, hiyo je te manque niliwahi kuituma. Nilikaa miezi minane Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kwa mama mmoja aliyekuwa mwalimu mstaafu. Niliporudi Kigoma nikamwandikia: Je te manque beaucoup, maman. Akanijibu kwa Kiswahili: "Ni kweli mwanangu, lakini umejuaje?" Kumbe nilikuwa nimemjulisha kwamba yeye ananikumbuka mimi, tena sana.

Kilichoniponza ni kuanzia kwenye "nimekumiss", ambayo tumeikopa Kiingereza pamoja na mpangilio wake: mwenye kuona upweke ndiye mtenda. Manquer haisemi habari za upweke. Maana yake ni kukosekana, kupungua pale panapohitajika. Kwa hiyo kiima ni yule asiyekuwepo, na aliyeachiwa pengo anakaa upande wa kutendewa. Neno kwa neno ni kama "wewe unanipungukia".

Kweli, hatumwambii mtu hivyo. Lakini umbo lenyewe tunalo tangu utotoni: pesa zimeniishia, ufunguo umenipotea, kazi imenishinda. Pesa ndizo zilizoisha, mimi ndiye niliyeishiwa. Hakuna anayesema "nimeisha pesa", na je te manque ni kosa la aina hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kuigeuza tena kwa "nimeishiwa pesa", mimi nikarudi mbele. Manquer ya maana hii haina mlango huo wa kutendwa, lazima asiyekuwepo abaki kuwa kiima.

Ukitaka kutunga sentensi, jiulize kwanza: nani hayupo? Mtaje huyo, kisha kitenzi kimfuate yeye. "Nawakumbuka wazazi wangu" inakuwa mes parents me manquent, na ule mwisho -ent ni wa wazazi, haukuhusu wewe. "Watoto wanamkumbuka mama yao": asiyekuwepo ni mama, basi leur mère manque aux enfants. Hapo kitenzi ni cha umoja ingawa wanaolia ni wengi. Wengi huchapia hapo hata baada ya kuelewa kanuni.

Sasa kuna mtego ambao me na te zinauficha, kwa sababu hazibadiliki umbo. Mtego unajitokeza ukifika nafsi ya tatu. Je lui ai manqué ni "alinikumbuka", yaani mimi ndiye niliyekosekana kwake. Je l'ai manqué ni "nilimkosa": nilifika stendi, basi likawa limeshamwondoa. Lui inatokana na manquer à, ndiyo ile ya kugeuka. Le au la ni ya manquer ya moja kwa moja, nayo haigeuki hata kidogo: j'ai manqué le bus, nimelikosa basi, mpangilio ule ule wa kwetu. Ukiona lui au leur, geuza. Ukiona le, la au les, acha ilivyo. Kuna pia manquer de, je manque de sommeil, sijalala vya kutosha. Hiyo nayo haigeuki.

Ndugu zake wapo, ila hawasumbui sana kwa sababu Kiswahili kinakwenda nao bega kwa bega. Plaire ni kupendeza: ce quartier me plaît, mtaa huu unanipendeza. Suffire ni kutosha: ça me suffit, inanitosha. Il me reste deux mille francs, zimenibakia faranga 2,000. Il me faut partir, inanibidi niondoke. Ile il si mtu yeyote, kama vile "i" ya "inanibidi" isivyokuwa kitu chochote. Ndiyo maana kinachokosekana kwenye il me manque cinq cents francs si bwana aliyesafiri, ni faranga 500 zilizopungua kwenye hesabu. (Kiingereza chenyewe zamani kilisema hivi: kitenzi chao cha leo cha kupenda, like, kilimaanisha kupendeza, na mpendaji alikaa upande wa kutendewa.)

Jambo dogo la kuandika: mwanamke akisema "nilikukumbuka", anaandika tu m'as manqué, bila kuongeza e mwishoni. Me hapo ni "kwangu", na kwa me ya namna hiyo kitenzi hakibadiliki.

Na je te manque usiifute kabisa kwenye daftari. Iwekee alama ya kuuliza, je te manque ?, ndiyo hasa wanavyouliza "unanikumbuka?" Mama wa Buyenzi huniandikia hivyo kila nikikaa kimya wiki mbili.