Hesabuni majiko, msihesabu nyua: kwa wanaochaguliwa kuorodhesha kaya maskini

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF ulipofika kijijini kwetu, mkoani Lindi, mkutano wa kijiji ulinichagua niwe miongoni mwa watakaopita kitongoji kwa kitongoji kuandika majina. Nikaja kuifanya kazi hiyo tena katika awamu ya pili, ile iliyozinduliwa Februari 2020. Kati ya mara ya kwanza na ya pili kuna kaya moja niliyoiacha nje, na ndiyo inayonifanya niandike haya kwa yeyote atakayesimamishwa mbele ya mkutano na kupewa kazi kama ile.

Kwetu ilikwenda hivi. Kijiji kililetewa idadi ya kaya za kuandikwa, hatukuipanga sisi. Mkutano wa hadhara ukakubaliana dalili za umaskini uliokithiri: kaya isiyo na uhakika wa mlo, isiyo na kipato cha kueleweka, yenye makazi duni. Tukapita, tukaleta majina. Waliotajwa wakajaziwa dodoso linalouliza idadi ya watu, umri wao, paa, ukuta, choo, mifugo na vyombo vya usafiri, na majibu yakaingizwa kwenye mfumo unaokadiria hali ya kaya. Mwisho majina yakarudi mkutanoni yathibitishwe.

Shikeni jambo moja hapo: dodoso linamfuata aliyetajwa tu. Hatua zinazokuja baadaye zinaweza kumtoa mtu aliyeandikwa, lakini haziwezi kumleta aliyesahauliwa. Kwa hiyo kosa kubwa linatendeka mapema kabisa, watu wakiwa chini ya mwembe wanatajiana majina, na hakuna anayeliona likitendeka.

Sisi tulikuwa tunaliogopa kosa jingine. Tuliogopa kumwandika mwenye duka, au shemeji wa mwenyekiti, maana huyo kijiji kizima kitamwona siku ya malipo na kelele zitatufikia majumbani. Anayestahili akiachwa, kelele hakuna. Anarudi shambani. Hofu ile ilitufanya tumkate kila mtu tuliyemtilia shaka kidogo, na tukajiona waadilifu.

Sasa niwaeleze kuhusu bibi. Ukifika kwenye ua ule unaona nyumba ya matofali, bati jipya, pikipiki imeegeshwa barazani. Ni ya mwanawe. Nilimkuta yeye, nikamuuliza, "Hapa mnaishi wangapi?" Akasema wanane. Hakudanganya. Yeye, mkewe, watoto wao wawili, mama yake, na wajukuu watatu wa mama yake ambao mzazi wao alikuwa mjini. Bibi alikuwa na watetezi mkutanoni, kwa hiyo jina liliandikwa na dodoso likajazwa, lakini lilijazwa hivyo hivyo: kaya moja, watu wanane, paa la bati, pikipiki ipo, mtu mzima mwenye kipato yupo. Majibu yalivyorudi hayumo, na mkutanoni mimi ndiye niliyesimama kueleza kwamba ile kaya ina uwezo.

Wiki kadhaa baadaye nilipita njia ya nyuma ya ua ule jioni, nikaona moshi unatoka sehemu mbili. Nyuma ya nyumba ya bati palikuwa na kibanda cha udongo kilichoezekwa makuti, na bibi ameinama juu ya mafiga yake, watoto watatu wamemzunguka. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniambia kwa upole, "Mwanangu, yule nimemzaa mimi, lakini chungu chake si changu. Akipata ananiletea. Asipopata, tunalala." Siku hizo alikuwa anapalilia mikorosho ya watu ili apate unga.

Iandikeni kaya ile upya, muone inavyobadilika. Watu wanne, mtu mzima mmoja naye amezeeka, watoto watatu, ukuta wa udongo, paa la makuti, pikipiki hakuna. Ukweli ni ule ule, mtu wa kuuelezea ndiye aliyekosea mpaka wa kaya. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja na kutegemea mfuko mmoja, na ua mmoja unaweza kuwa na kaya mbili au tatu. Wanaofichwa na ua wa mwingine ni wajane waliorudi kwa kaka zao, wazee walio nyuma ya nyumba za watoto wao, na mabinti waliozaa wakiwa nyumbani.

Kwa hiyo usiulize "mnaishi wangapi". Uliza jana usiku mlikula nini, alipika nani, unga ulitoka kwa nani, chumvi ilinunuliwa kwa hela ya nani. Nenda jioni, wakati wa kupika, na mwulize mzee mwenyewe akiwa peke yake. Ni kweli wapo wanaoigawa kaya makusudi ili wahesabiwe mara mbili, lakini hilo halijifichi: jiko la maonyesho halina majivu ya siku nyingi, halina kuni pembeni, na jirani ukimuuliza kivyake atakwambia mtoto wa pale anakula wapi.

Kuhusu majina, msianze na kumbukumbu. Anzeni na daftari la wakazi la kila kitongoji, msome kaya zote moja baada ya nyingine na kusema juu ya kila moja neno moja: imo, haimo, au tukaione. Kumbukumbu huwaleta waliozoeleka, wanaofika mikutanoni. Mlemavu asiyetoka ndani na mhamiaji aliyekuja kufuata mashamba ya ufuta hawakumbukwi na mtu. Na msimalize vitongoji vyote kwa kikao kimoja. Utafiti uliofanyika Indonesia katika vitongoji 640 na kuchapishwa 2012 ulionyesha kwamba pale jamii ilipozipanga kaya kwa hali zao, zile zilizojadiliwa mwanzo wa kikao zilipangwa kwa usahihi kuliko za mwishoni, watu walipokuwa wamechoka. Nilipousikia nikakumbuka kwamba kitongoji cha bibi sisi tulikiweka mwisho, jua likizama.

Mgawanyo sawa nao ni mtego. Mara ya kwanza tuliona haki ni kila kitongoji kipate nafasi sawa, ili wenyeviti wasigombane. Lakini kitongoji cha barabarani kina maduka na kisima, na kile cha bondeni mvua ikikosea kinakosa vyote. Tukajikuta barabarani tunawatafuta watu wa kujaza nafasi, huku bondeni tunakata wasio na kitu. Kaeni na orodha moja ya kijiji kizima, na nafasi zifuate umaskini ulipo.

Nawe mwanakijiji, ukiona umeachwa kimakosa, ujue malalamiko ya mdomo hupotea mlangoni. Andika nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa imesainiwa na aliyeipokea na kuwekewa tarehe. Usiandike "mimi ni maskini", kila mtu anaandika hivyo. Andika kilichokosewa kwenye dodoso: tumeandikwa wanane, sisi ni wanne, pikipiki ni ya fulani, si yangu. Lete hayo kabla orodha haijathibitishwa mkutanoni, kwa sababu baada ya pale mlango hukaa umefungwa miaka.

Kwa bibi ulikaa umefungwa mpaka awamu ya pili. Safari hiyo nilizunguka nyuma ya nyumba kwanza, nikamwandika yeye kuwa mkuu wa kaya, na jina lake likasomwa mkutanoni. Kaya ya watu watatu. Mjukuu mkubwa alikuwa ameshaacha shule na kwenda mjini kutafuta kazi.