Umeshasaini kwengine: namna ya kumjibu afisa utumishi anayekusubiri

Kila mwaka masika yakikaribia kwisha, hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hapa Zanzibar zilizofunga Aprili na Mei huanza kuita watu ili zifungue Juni. Ndipo mtu anapojikuta ana nafasi mbili ndani ya wiki moja. Mimi yalinifika mwaka wangu wa kwanza wa mapokezi, na niliharibu. Hoteli ya Kiwengwa ilinipa hadi Ijumaa nijibu. Jumatano nikaitwa Paje, nikasaini, na yule bibi afisa utumishi wa Kiwengwa nikaiacha simu yake ikilia. Nilijiambia akiona kimya ataelewa. Kumbe alikuwa ameshanitengea kitanda nyumba ya wafanyakazi na kuniandika zamu ya usiku. Misimu miwili baadaye nilikwenda kwenye usaili Matemwe, nikamkuta yeye ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza. Alianza na swali moja tu: "Wewe siku hizi unapokea simu?"

Kazi ile sikuipata.

Basi kwa nyinyi mnaoanza, cha kwanza ni mpangilio. Usimkatae mmoja kabla hujasaini kwa mwengine. "Kazi yako hiyo, njoo Jumatatu" ya kwenye simu si mkataba. Subiri karatasi yenye cheo, mshahara, tarehe ya kuanza, muda wa majaribio na sahihi yao. Ukishasaini, mjibu yule wa pili siku hiyo hiyo. Afisa utumishi huwa na mtu aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili, na mtu huyo naye anazunguka na vyeti vyake. Leo bado anapatikana. Ukichelewa wiki, kashachukuliwa, na afisa anaanza upya hoteli ikiwa karibu kufunguliwa.

Piga simu kwanza, kisha andika. Simu ni ya heshima, maandishi ni ya kumsaidia yeye, maana itabidi amwoneshe meneja kitu. Na kama kuna mtu aliyekupeleka pale, mjomba au jirani aliyekuombea, mwambie kabla hajasikia kwa wengine. Hapa kwetu wengi tunaingia kazini kwa mkono wa mtu, na lawama humwendea yeye.

Barua yenyewe iwe fupi. Hii niliituma hoteli moja ya Kendwa miaka michache baadaye:

"Assalaam alaykum Bi Mkubwa,
Nakushukuru kwa kunipa nafasi ya mapokezi, na kwa kunitembeza kaunta siku ya usaili ukanionesha mnavyofanya kazi. Nimekubali kazi kwengine na leo nimeshasaini mkataba, kwa hiyo sitoweza kujiunga nanyi tarehe 1 Juni. Naomba radhi kwa usumbufu. Nimekuandikia leo ili upate kumwita mwengine mapema. Fomu ya sare nitairudisha Alhamisi asubuhi. Nitafurahi tukikutana tena kikazi."

Tazama neno "nimeshasaini". Linafunga mlango wa kuvutana bila ya ukali. Nimeona vijana wakiandika "kwa sasa sitoweza" au "bado natafakari kidogo" kwa kuona haya, na afisa akamwekea mtu nafasi wiki nzima bure. Shukrani nayo iwe ya kitu kilichotokea kweli. "Taasisi yenu adhimu" kila mtu anaiandika, na hakuna anayeisoma.

Mshahara wa kule unakokwenda usiutaje, wala usianze kueleza kwamba nyumba yao ya wafanyakazi ina joto. Akikuuliza "tukikuongezea je?" mjibu: "Nashukuru, ila nimeshatoa ahadi." Ukitaka nyongeza, iombe kabla hujasaini kokote. Ukiirukia baada ya hapo, utakuwa umewaudhi wawili kwa mara moja, na maafisa utumishi wa ukanda huu huhama hoteli hadi hoteli kama sisi tu.

Kama umeshasaini kote kuwili, barua hii haikufai. Hapo unavunja mkataba. Soma kifungu cha notisi, kumbuka kwamba Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005, usichukue ushauri wa mtu wa Bara mwenye sheria nyengine, na nenda ukazungumze nao uso kwa uso.

Usimpachike rafiki yako kwenye barua ile ile kama mbadala; subiri uulizwe. Bi Mkubwa wa Kendwa alinijibu "Sawa, kila la kheri", basi. Siku ya Iddi nikamtumia salamu, sikuomba kitu. Disemba akanipigia mwenyewe: mtu wake wa usiku kaondoka ghafla, je, namjua yeyote? Nilimpeleka binamu yangu, na mpaka leo yupo pale kaunta.