Kikohozi cha salfa na sentensi iliyorudishwa na kamati

"Shikamoo mwalimu. Nataka kujua kama wanaopulizia salfa kwenye mikorosho hapa Tandahimba wanakohoa zaidi ya wenzao. Niliandika: 'Data zitachambuliwa kwa regresheni ya lojistiki, vigezo vyenye p chini ya 0.2 vitaingia kwenye modeli.' Kamati imerudisha pendekezo langu la utafiti. Kosa liko wapi?"

Marahaba. Sentensi hiyo inaiachia data ikuchagulie modeli, wakati kamati inataka uchague wewe kabla hujamhoji mtu hata mmoja.

Anza na kikohozi chenyewe. Kiandike kwa namna ya kuhesabika, mathalani "alikohoa siku 4 au zaidi katika siku 7 zilizopita", kisha utaje mwezi wa kuhoji, kwa sababu Agosti vumbi bado liko hewani na Novemba watu wameshahamia kuokota korosho.

Tokeo linalowapata wengi, kama kikohozi hiki, halifai kwa lojistiki. Tuseme wapuliziaji 60 kati ya 100 wanakohoa, na wasiopulizia ni 40 kati ya 100. Uwiano wa kweli ni 60 kwa 40, yaani 1.5. Lojistiki hulinganisha wanaokohoa na wasiokohoa ndani ya kila kundi, 60/40 kwa 40/60, kwa hiyo itakupa 2.25, na ofisa wa halmashauri atasoma "zaidi ya mara mbili". Tumia regresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, yakizingatia kijiji, maana watu wa kijiji kimoja huvuta vumbi lile lile. Kwa Stata:

```
poisson kikohozi i.salfa umri i.jinsia i.sigara i.kipato, irr vce(cluster kijiji)
```

Njia hii inataka vijiji vingi. Vijiji 40 vya watu 10 ni bora kuliko 10 vya watu 40. Vikiwa vichache, makosa sanifu hutoka madogo kuliko yanavyopaswa kuwa.

Vigezo vinne vya umri, jinsia, sigara na kipato nimevichagua kwa sababu vinagusa pande zote mbili: nani anashika mashine na nani anakohoa. Thamani ya p haijui hilo. Barakoa iache nje. Mtu huivaa kwa kuwa anapulizia, kwa hiyo ukiirekebisha unafuta sehemu ya athari unayoitafuta. Kwenda zahanati nako ni tokeo la kikohozi, usikuingize. Umri uweke kwa miaka. Mimi niliwahi kuugawa makundi baada ya kuona data, na msimamizi wangu alinirudisha mwanzo, kwa haki kabisa.

Kwa upande wa kupima uthabiti, moja silisamehe: walioacha kupulizia kwa sababu ya kifua. Kwenye dodoso lako watahesabiwa "hapulizii", huku wanakohoa, na tofauti itaonekana ndogo. Kwa hiyo andika sasa hivi: "Uchambuzi mkuu utatumia msimu huu. Tutaurudia tukimhesabu mpuliziaji kuwa yeyote aliyepulizia katika misimu 3 iliyopita, na majibu yote mawili yatatolewa. Uwiano ukipanda katika uchambuzi wa pili, tutachukulia kwamba huenda wagonjwa walishaiacha kazi." Ongeza swali la "uliacha lini, na kwa nini?" kwenye dodoso, sasa hivi halimo.