Kichezeo mpe bibi, siyo mtoto

Mwaka wangu wa kwanza kama mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Kilolo, nilikuwa nikifika kwenye kaya naketi mkekani na kucheza na mtoto mwenyewe. Mtoto anacheka, mama anaendelea kumenya viazi, naondoka nimeridhika. Wiki inayofuata namkuta yuleyule kimya, amefungwa mgongoni. Nilikuwa nacheza mimi, nyumbani kwao hakuna aliyejifunza kitu.

Kwa hiyo siku hizi kichezeo nampa anayeshinda na mtoto. Kaya moja ilikuwa na mtoto wa miezi 14 aliyedumaa. Mama anaamkia shamba la viazi, mtoto anabaki na bibi. Nilianza na utepe wa kupima mzunguko wa mkono: sentimita 11.9, rangi ya njano, nikamwandikia rufaa ya lishe kituoni. Ingekuwa chini ya 11.5, au ningebonyeza miguu yote miwili na shimo likabaki kwa sababu ya uvimbe, wangeondoka siku hiyohiyo. Mchezo hauchukui nafasi ya chakula wala matibabu.

Kisha nikatoa chupa ya maji ya nusu lita yenye punje za mahindi, kifuniko kimegandishwa kwa gundi, maana punje ikitoka inaweza kumpalia mtoto. "Bibi, tikisa mara moja, halafu subiri."

Kusubiri ndiko kugumu. Mtoto aliyedumaa mara nyingi huitikia taratibu, na mkubwa hudhani hataki. Bibi alitaka kutikisa tena, nikamwomba atulie. Nikahesabu kimoyomoyo. Nilipofika saba, mtoto aliitazama chupa, akamtazama bibi usoni, akanyoosha mkono. "Kumbe anaitaka!" Nikamwambia amtajie kila kitu kwa Kihehe, lugha anayoiongea mchana kutwa.

Chupa niliiacha. Juma lililofuata niliikuta juu ya kabati, haina hata mkwaruzo, na mtoto aliishangaa kama kitu kipya. Sikumlaumu bibi. Nilimuuliza ni saa ngapi mikono yake haina kazi, akasema hakuna, labda anapomwogesha. Basi tukahamishia mchezo kwenye beseni: kikombe cha kujaza na kumwaga, na maneno yake. Ziara ya tatu sikuhitaji kuuliza, bibi alinionyesha mwenyewe.

Njia hii ilipimwa Jamaika kwa watoto 129 waliodumaa, kuanzia 1986. Baadhi walitembelewa kwa mchezo saa moja kila wiki kwa miaka miwili, na walipofika miaka 22 kipato chao kilizidi cha wenzao wasiopata mchezo huo kwa takriban asilimia 25. Ndiyo maana siruki wiki, hata masika barabara ikiwa tope tupu.

Jambo moja usilicheleweshe: mtoto ambaye hageuki chupa ikitikiswa nyuma ya sikio lake, leo na ziara ijayo, apelekwe akapimwe masikio.